Kuwaandaa wauzaji kabla ya bidhaa mpya kutoka: ujumbe, mapingamizi na majibu yake

Kikao cha kuwaelekeza wauzaji kuhusu bidhaa mpya hupimwa mbele ya mteja, siku mbili tatu baada ya uzinduzi, pale mteja anapokunja uso na kusema, "Mbona ghali?" Kama muuzaji ana la kujibu, na analojibu ni kweli, kikao kilifaa. Akianza kutafuta slaidi ya 27 kwenye simu yake, hakikufaa, hata kama siku ile watu walipiga makofi.

Nitatumia bidhaa moja ya mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana maelekezo ya jumla hayasaidii mtu aliye na tarehe ya uzinduzi ukutani. Tuseme kampuni yetu inaleta friji ya kulala ya biashara yenye barafu ndani ya kuta zake. Umeme ukiwepo, mashine hugandisha maji yaliyofungiwa ukutani. Umeme ukikatika, barafu ile huendelea kupoza mzigo. Vipimo vya kiwandani vinasema inashikilia baridi saa 18 katika joto la nyuzi 32, kifuniko kikiwa kimefungwa, na kwamba inahitaji umeme walau saa 8 kwa siku ili barafu irudi. Bei yake imezidi kwa robo bei ya friji ya kawaida ya ukubwa huohuo tunayouza sasa. Wateja tunaowalenga ni wauza maziwa na vinywaji baridi.

Hatua ya kwanza: sikiliza kabla hujaandika

Anza wiki tatu kabla ya kikao. Wiki ya kwanza usiandike chochote cha kuonyesha watu. Nenda kwa watu wachache, kila mmoja na swali lake.

Mhandisi au fundi aliyeijaribu mashine muulize: "Ni katika hali gani haifanyi kazi kama tunavyosema?" Ukimuuliza inafanya nini, atakupa karatasi ya vipimo, ambayo unayo tayari. Ukimuuliza inashindwa wapi, atanyamaza kidogo, halafu atakuambia mambo ambayo mteja angekuja kuyagundua mwenyewe. Watu wa huduma kwa wateja waulize malalamiko matatu yanayorudi kila wiki kuhusu friji ya sasa. Mtu wa stoo muulize mashine ngapi zitakuwepo siku ya kwanza, na vipuri vipi vimeshafika. Mtu wa fedha muulize muuzaji anaruhusiwa kupunguza bei kiasi gani bila kuomba ruhusa, maana swali hilo litaulizwa kikaoni na lisipojibiwa pale, kila mmoja atajitungia jibu lake.

Kisha tafuta wauzaji wawili: mmoja anayeuza sana, na mwingine wa kawaida kabisa. Huyu wa pili ndiye wa thamani zaidi kwako. Anayeuza sana ana ulimi wake na atauza hata bila karatasi yako. Wa kawaida ndiye unayemwandikia. Waeleze bidhaa kwa dakika tano, halafu waambie wawe wateja wao wagumu kuliko wote. Andika kila wanalosema kwa maneno yaleyale waliyotumia. "Naambiwa inashika baridi, lakini mimi nafungua kila dakika" ni sentensi yenye uhai. Ukiigeuza kuwa "wasiwasi kuhusu ufanisi wakati wa matumizi," umeshaiua, na muuzaji hataitambua atakapoisikia dukani.

Kama kulikuwa na wateja wa majaribio, wapigie wote, hata yule aliyeirudisha. Kwenye mfano wetu, wateja sita walipewa friji kwa miezi mitatu zikiwa na vifaa vya kurekodi joto ndani. Tano zilifanya kazi vizuri. Ya sita ilipoteza baridi haraka kwa sababu mpira wa kifuniko haukukaa sawasawa. Kiwanda kikabadilisha mpira. Habari hiyo ya sita usiifiche, tutairudia.

Hatua ya pili: andika nani hafai kuuziwa

Watu wengi huanza na mteja bora. Mimi huanza upande wa pili, kwa sababu mteja asiyefaa akiuziwa, anarudi na mashine yake, na maneno yake yanafika kwa wanaofaa kabla yako.

Kwa friji yetu, asiyefaa wa kwanza ni yule anayepata umeme chini ya saa 8 kwa siku. Barafu yake haitaganda tena vizuri, na baada ya siku chache atakuwa na sanduku zito la vuguvugu. Wa pili ni yule ambaye umeme haumkatikii kabisa, au ambaye mzigo wake hauharibiki. Huyo tumuuzie friji ya kawaida, itamtosha. Wa tatu ni mwenye duka la dawa anayetaka kuweka chanjo au insulini.

Huyu wa tatu ana hadithi. Niliwahi kuandaa kikao cha bidhaa inayofanana na hii, nikaandika kila kitu isipokuwa mstari mmoja kuhusu dawa, kwa kuwa sikufikiri kuna atakayeuliza. Wiki ya kwanza tu, wauzaji wawili walikuwa wamewaambia wenye maduka ya dawa kuwa "inafaa kabisa, inashika baridi kuliko zote." Kushika baridi si tatizo. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na baadhi huharibika zikiganda, sawa na insulini. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya majokofu yaliyopimwa kwa kazi hiyo, na friji ya soda haimo. Ilibidi tuzirudie zile mashine na kuomba radhi. Tangu hapo, kila karatasi ninayoandika ina kisanduku cha "Usiuze kwa" na kinakaa juu, si nyuma.

Hatua ya tatu: ujumbe mkuu, sentensi tatu basi

Ujumbe mkuu ni sentensi ambayo muuzaji anaweza kuisema kwa pumzi moja, na mteja akaweza kuirudia jioni kwa mwenzake bila kuikosea. Zikizidi tatu, muuzaji atakumbuka mbili, na huchagui wewe ni zipi.

Kila sentensi iwe na vitu viwili vinavyoifuata kwenye karatasi: ushahidi wake, na sharti lake. Sharti ndilo linalosahaulika. Tazama ilivyokuwa kwa friji yetu. Idara ya matangazo ilileta sentensi hii: "Baridi saa 18 bila umeme!" Si uongo, kiwanda kimepima. Lakini kimepima kifuniko kikiwa kimefungwa, na muuza maziwa hafungi kifuniko saa 18. Yule muuzaji wa kawaida alikuwa ameshatuambia: "mimi nafungua kila dakika." Tukarudi kwa mhandisi, akatazama rekodi za wateja wa majaribio. Friji zilizokuwa zikifunguliwa kama mara kumi kwa saa zilidumu saa 11. Basi ujumbe ukawa:

"Umeme ukikatika mchana ukiwa unauza, una zaidi ya saa 10. Ukikatika usiku ukiwa umefunga, unafika asubuhi mzigo uko baridi."

Namba imepungua, lakini muuzaji sasa ana maneno yanayoshika. Mteja akipata saa 12 atafurahi. Angeahidiwa 18 akapata 12, angepiga simu. Na angalia kuwa ujumbe huu haukutoka kwenye karatasi ya vipimo. Umetoka kwenye pingamizi. Ndiyo sababu nakuambia usiandike ujumbe kwanza halafu ukatafuta mapingamizi baadaye kama kiambatisho. Yakusanye kwanza, yaache yaukate na kuuchonga ujumbe.

Ujumbe wa pili wa friji yetu ulihusu uendeshaji: "Huwashi chochote, huzimi chochote. Umeme ukikatika inajishikilia yenyewe." Wa tatu ulihusu fundi: vipuri vya kawaida viko stoo kwetu na fundi anafika ndani ya siku mbili za kazi. Huu wa tatu tuliuacha mpaka mtu wa stoo na mkuu wa mafundi walipoweka sahihi. Ujumbe ambao idara nyingine ndiyo itakayoutimiza hauandikwi bila idara hiyo kukubali.

Hatua ya nne: maswali yatangulie sifa

Mtafiti wa mauzo Neil Rackham na wenzake wa kampuni ya Huthwaite walichambua maongezi ya mauzo zaidi ya 35,000. Moja ya mambo waliyoyakuta ni kwamba muuzaji anayemwaga sifa za bidhaa mapema huamsha wasiwasi wa bei, na anayeeleza ubora wake kabla mteja hajaitaja shida yake huamsha mapingamizi. Kwa hiyo mengi ya mapingamizi tunayofundisha watu kuyajibu, tumeyazaa wenyewe kwa kuwahi kusema.

Ukilichukulia hilo kwa uzito, karatasi yako haiwezi kuanza na sifa. Inaanza na maswali mawili au matatu ambayo muuzaji atauliza kabla ya kutaja friji. Kwetu yalikuwa haya: Umeme hukatika mara ngapi kwa wiki, na kwa saa ngapi? Mara ya mwisho ulipokatika sana, mzigo ulikuwaje? Ulimwaga kiasi gani mwezi uliopita?

Swali la kwanza linamchuja asiyefaa. La pili linamfanya mteja aisimulie hasara yake kwa mdomo wake. La tatu linampa muuzaji namba ya kufanyia hesabu, na bila namba hiyo pingamizi la bei halina jibu.

Hatua ya tano: mapingamizi na majibu

Utakuwa umekusanya mapingamizi ishirini au thelathini. Mengi yanafanana. Yapange kwa kuuliza kila moja linatoka wapi. Liko linalotoka kwenye kutoelewa, kama anayedhani friji ina betri. Hilo linajibiwa kwa maelezo mafupi. Liko la kweli, ambalo bidhaa yako haina jibu kamili, na hilo unalikubali kisha unaonyesha kinacholipa. Na liko la kumfukuza muuzaji kwa adabu: "nitafikiria." Hilo halina jibu, lina swali tu: "Sawa bosi. Unachotaka kufikiria ni bei, au kuna kingine?"

Chagua mapingamizi matano au sita yatakayosikika mara nyingi. Kila moja liandikie kadi yenye maneno ya mteja, swali la kuuliza kabla ya kujibu, jibu lisilozidi sentensi tatu, ushahidi, na mpaka wa jibu, yaani pale ambapo jibu hilo halifai. Nitazifungua tatu.

"Ghali. Friji ya kawaida naipata kwa bei ya chini." Kosa la kwanza ni kuanza kutetea bei. Kosa la pili ni kutoa punguzo. Muuzaji anarudi kwenye namba aliyoipata mwanzo. Mazungumzo yaendavyo:

"Ni kweli bosi, imezidi kwa robo. Ulisema mwezi uliopita ulimwaga maziwa lita ngapi?"

"Kama thelathini hivi."

"Hiyo nyongeza ya bei, kwa bei unayouzia wewe, ni sawa na lita mia mbili na arobaini. Ukigawa kwa thelathini ni miezi minane. Baada ya hapo, maziwa uliyokuwa unamwaga ni yako."

Hesabu ifanywe kwa bidhaa ya mteja na namba yake mwenyewe, kwenye karatasi au simu yake, si kwenye jedwali lililochapwa. Namba yako ataibishia, yake hawezi. Sasa mpaka: anayemwaga lita tano kwa mwezi atahitaji miezi 48 kurudisha nyongeza ileile. Miaka minne. Huyo muuzaji amwambie wazi kuwa friji ya kawaida inamtosha. Ikiwa kampuni haiko tayari kumruhusu muuzaji aseme hivyo, jambo hilo limalizwe na mkuu wa mauzo kabla ya kikao, si mbele ya wauzaji.

Angalizo dogo hapa. Hesabu hii inadhani friji mpya itaokoa maziwa yote. Haitaokoa yote, kwa sababu mengine huharibika kwa kukaa muda mrefu tu, umeme upo au haupo. Muuzaji aulize, "Hayo thelathini ni ya umeme kukatika, au na yale yaliyokaa?" Atapoteza mauzo machache kwa swali hilo. Ila mteja aliyeulizwa hivyo huamini namba zinazofuata.

"Mimi nina jenereta." Pingamizi hili hulichukua muuzaji mchanga akaanza kuisema vibaya jenereta, na kumbe mwenzake aliinunua kwa taabu. Jenereta inawasha taa na mizani pia, friji yetu haiwezi. Swali la kuuliza ni hili: "Umeme ukikatika saa nane za usiku, nani anaiwasha?" Jibu la mteja ndilo linaloendesha mazungumzo. Kama analala palepale na anaiwasha, hana shida kubwa, na muuzaji asimlazimishe. Kama hakuna mtu usiku, ujumbe wa pili unaingia: hii haihitaji mtu. Kwenye kadi weka pia jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui mpaka waambiwe, kwamba saa ambazo jenereta inawaka zinahesabika katika zile 8 za kugandisha barafu. Jenereta na friji vinasaidiana, na mteja anapenda kusikia kuwa alichonunua zamani bado kina kazi.

"Ngoja wengine waijaribu kwanza." Hapa ndipo habari ya friji ya sita inapotumika. Jibu lililoandikwa kwenye kadi yetu lilikuwa hivi: "Wameshaijaribu sita kwa miezi mitatu. Tano zilikwenda vizuri, moja mpira wa kifuniko ulivujisha, kiwanda kikaubadilisha, na hizi tunazouza zina mpira mpya." Wakubwa huogopa sentensi ya namna hii. Watauliza kwa nini tujitangazie kasoro. Wafanyabiashara wa aina moja wanajuana, na yule wa sita ana mdomo. Mteja akiisikia kwake kwanza, muuzaji wako ni mwongo. Akiisikia kwa muuzaji kwanza, ni fundi aliyerekebisha kitu. Mpaka wake: muuzaji asitaje jina la mteja yeyote wa majaribio bila ruhusa ya mteja huyo, hata kwa wema.

Kuna pingamizi moja la ndani pia, ambalo mteja hatalisema kama halijui: friji ya zamani ambayo bado imejaa stoo. Mwaka 1983 kampuni ya Osborne, iliyotengeneza kompyuta za kubebeka, ilifilisika muda mfupi baada ya habari za mitindo yake mipya kuenea. Wapo wanaosema sababu zilikuwa nyingi, lakini katika lugha ya biashara jina lake limebaki kwenye kosa la kutangaza kijacho na kuua mauzo ya kilichopo. Kwa hiyo karatasi iseme siku na saa ambayo wauzaji wanaruhusiwa kuitaja bidhaa mpya, na iseme watamwambia nini mteja anayetaka friji ya zamani siku mbili kabla. Sisi tuliwaandikia: muulize maswali yaleyale matatu, akifaa friji ya kawaida, muuzie leo, akifaa mpya, mwombe miadi wiki ijayo bila kutaja sababu. Kumuuzia mtu friji ya zamani leo ukijua kesho kutwa kuna inayomfaa zaidi ni njia fupi ya kumpoteza.

Hatua ya sita: karatasi moja

Yote hayo yanatakiwa yakae kwenye karatasi moja, mbele na nyuma. Mbele, juu kabisa: tarehe ya kuanza kuuza, na "Usiuze kwa." Kisha maswali matatu, na ujumbe mkuu na masharti yake. Nyuma: kadi za mapingamizi, na chini yake kisanduku cha "Usiseme."

Kisanduku hicho kiwe na maneno yenyewe, si onyo la jumla. "Usidanganye" halimsaidii mtu. Andika: usiseme "saa 18" bila kusema "ikiwa imefungwa", usiseme "haitumii umeme mwingi" kwa kuwa hatujapima dhidi ya friji za wengine, usiseme chochote kuhusu dawa zaidi ya "haikutengenezwa kwa ajili hiyo." Ongeza sentensi moja ya kutumia pale muuzaji asipojua: "Hilo sina uhakika nalo, nitakupigia kabla ya kesho saa sita," pamoja na namba ya mtu wa ndani atakayempa jibu. Mtu huyo awepo kweli, na simu yake iwe inapokelewa.

Pembeni andika namba ya toleo, tarehe, na majina ya waliokagua: mhandisi kwa vipimo, fedha kwa bei na mipaka ya punguzo, mwanasheria kwa dhamana. Wape siku mbili wakague, na waambie wafute au warekebishe sentensi, wasiongeze. Kila mkaguzi hupenda kuongeza, na karatasi moja huwa tatu.

Hatua ya saba: kikao chenyewe

Dakika 75, watu wasiozidi kumi na wawili, na mashine yenyewe ikiwa katikati ya chumba. Kama timu ni kubwa, fanya vikao viwili. Maelezo yako yasipite dakika 15, na kati ya hizo nyingi ziwe za kueleza kuhusu mteja na siku yake, chache za mashine. Wape karatasi mwishoni mwa maelezo, la sivyo watasoma badala ya kusikiliza.

Kisha wagawe watatu watatu: muuzaji, mteja na mwangalizi, na wabadilishane mpaka kila mmoja awe amekaa kila nafasi. Anayecheza mteja mpe kikaratasi chenye anachosema na anachoficha. Kwa mfano: "Unasema ni ghali. Ukweli ni kwamba kaka yako ndiye anayeamua, na unaona aibu kusema." Muuzaji anayekimbilia hesabu ya lita hapo atajikwaa vizuri, na atakumbuka. Mwangalizi anatazama mambo matatu tu: je, aliuliza kabla ya kujibu; je, alitaja sharti; je, aliahidi kisichoandikwa?

Zungukia makundi ukiwa na kalamu. Jibu lililoonekana zuri kwenye karatasi utalisikia likikwama mdomoni. Kwetu kulikuwa na sentensi yenye "uhifadhi wa baridi kwa njia ya mabadiliko ya hali ya maji," nikiwa nimeinakili kwa mhandisi bila kufikiri. Wauzaji watatu mfululizo waliiruka, wa nne akasema "ina barafu ukutani." Nikaifuta ya kwanza palepale nikaandika ya wa nne. Mtu akiruka sentensi yako mara mbili, sentensi ndiyo yenye kosa.

Dakika kumi za mwisho ziwe za maswali, na yasiyo na jibu yaandikwe ubaoni na jina la atakayejibu na siku.

Hatua ya nane: baada ya siku ya kwanza

Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kuwa sehemu kubwa ya alichokariri ilimpotea ndani ya siku moja. Yeye alikariri silabi zisizo na maana, na karatasi yako natumaini ina maana, lakini usitegemee kikao kimoja. Siku ya tatu baada ya uzinduzi watumie wauzaji maswali mawili kwa simu: ni pingamizi gani umelisikia zaidi, na lipi halimo kwenye karatasi? Wiki ya pili, nusu saa, makundi ya watatu tena, safari hii na mapingamizi waliyoyaleta wao.

Kwenye friji yetu majibu ya siku ya tatu yalileta jambo ambalo hakuna aliyeliwaza. Wateja wawili walikuwa wamepiga simu kwa hasira: wamenunua jana, umeme umekatika leo, na mzigo umepata joto ndani ya saa tano. Mashine hazikuwa na kasoro. Barafu ya ukutani huchukua siku mbili za umeme kuganda yote mara ya kwanza, na kabla ya hapo friji haina akiba. Mhandisi alikuwa ameliandika hilo kwenye kijitabu cha matumizi, katika ukurasa ambao hakuna aliyeufikisha kikaoni, mimi nikiwemo.

Toleo la 2 lilitoka asubuhi iliyofuata likiwa na mstari mmoja mpya chini ya ujumbe wa kwanza: "Mwambie mteja aiwashe siku mbili kabla ya kuitegemea, na mpigie siku ya pili kumuuliza kama imeganda." Wauzaji waliombwa watume picha ya toleo la 1 likiwa limechanwa.